Laptopu ya watu watatu: nani anaiona paswedi ya waifai ya nyumbani kwako

"Jamani, laptopu ya ofisi tunatumia watu watatu, kila mtu na akaunti yake ya Windows. Wikiendi niliichukua nikaiunga na waifai ya nyumbani kwangu Mwanakwerekwe. Hawa wenzangu wakiingia kwa akaunti zao wanaweza kuiona paswedi yangu, au kuitumia hiyo waifai? Mmoja wao ni jirani yangu wa nyumba ya tatu."

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kuitumia wanaweza wote, hata leo. Kuiona ni yule tu ambaye akaunti yake ni Administrator, yule mwenye akaunti ya Standard haioni. Lakini hapo kwenye "haioni" mie pashanitia hasara, ndo maana naandika kirefu.

Kwanza ujue kwa nini wanaweza kuitumia. Watu wengi wanadhani kwa kuwa kila mtu ana akaunti yake basi na waifai ni ya kila mtu peke yake, kama vile picha zako na mafaili yako. Sivyo. Ukiunga waifai kwenye Windows kwa njia ya kawaida, ile ya kubonyeza jina na kuandika paswedi, kompyuta inaihifadhi kwa ajili ya mashine nzima, haiihifadhi kwa ajili yako wewe. Ndo maana laptopu ukiiwasha tu, hata hujaingia kwenye akaunti yoyote, pale kwenye skrini ya kuingilia utaona alama ya waifai ishashika. Sasa huyo jirani yako akirudi nayo nyumbani kwake, na waifai yako inafika mpaka nyumba ya tatu, laptopu itashika yenyewe bila ya yeye kuuliza wala kubonyeza kitu. Hajaiba, mashine ndo inaikumbuka.

Unaweza kuona mwenyewe. Fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike hivi:

```
netsh wlan show profiles
```

Itakuja orodha ya waifai zote ambazo laptopu hiyo inazikumbuka, na kila jina limeandikwa All User Profile pembeni yake. Hayo maneno All User ndo jibu lako, maana yake kila mwenye akaunti. Na orodha hiyo mwenzako naye anaiona vilevile, kwa hiyo jina la waifai yako kwake si siri.

Paswedi yenyewe ni habari nyengine. Windows inaificha kwa msimbo, imefungwa kwa ufunguo wa mfumo wenyewe, na kwa kawaida anayeruhusiwa kuisoma wazi ni aliyemo kwenye kundi la Administrators. Mtu huyo akifungua cmd kwa kubonyeza Run as administrator, akaandika amri hii (weka jina la waifai yako pale penye NYUMBANI):

```
netsh wlan show profile name="NYUMBANI" key=clear
```

anaipata paswedi yote kwenye mstari wa Key Content, herufi kwa herufi, haichukui hata nusu dakika. Mwenye Standard akiandika amri hiyohiyo ataambiwa kwenye Security key kuwa ipo, Present, basi, hapewi ya kusomeka. Kwa hiyo swali lako la kweli ni nani kwenye ofisi yenu ni admini, na hilo usilikisie, liangalie:

```
net localgroup Administrators
```

Majina yatakayotoka hapo, ukiliacha lile la Administrator linalokuja na Windows yenyewe, ndo watu wanaoweza kuisoma paswedi yako. Nakwambia uangalie kwa sababu laptopu nyingi za ofisi nilizoletewa kutengeneza nimekuta akaunti zote tatu au nne ni admini, aliyezifungua alitaka asisumbuliwe kila mtu anapotaka kuweka printa. Mkiwa nyote admini basi huko kutenganisha akaunti kwenye jambo la waifai hakujazuia kitu.

Sasa hasara yangu. Sie tuna steshenari hapa Chake, tunachapa na kuprinti kazi za skuli na fomu, kompyuta mbili, ruta moja ya bando. Vijana wanaokaa dukani nimewapa akaunti za Standard, admini ni mie peke yangu, na paswedi ya waifai nilikuwa siwapi kwa sababu ukimpa mmoja simu za rafiki zake wote zinakuja kukaa barazani. Ikawa sawa muda mrefu. Halafu kukawa na mwezi bando ambalo huwa linatutosha siku thelathini likaisha siku ya kumi na moja, nikadhani ni zile kompyuta zinapakua masasisho, nikanunua jengine, nalo likaenda hivyohivyo. Nikafungua ukurasa wa ruta, pale inapoonyesha vifaa vilivyoungwa, nilitegemea kuona viwili na simu yangu, nikahesabu tisa. Sita ni simu nisizozijua.

Nilimwita mpwa wangu, ndo mkubwa wa pale dukani, nikamuuliza kwa uzuri tu, akaniambia ukweli bila ya kuzunguka: "Mjomba, paswedi si ipo kwenye C." Nikamwambia nionyeshe. Akaingia kwenye akaunti yake ya Standard, akafungua diski C, akafungua folda inaitwa wifi, ndani mna faili moja Wi-Fi-DUKANI.xml, akalifungua kwa Notepad, na katikati yake pameandikwa hivi (paswedi nimeibadilisha hapa):

```
<protected>false</protected>
<keyMaterial>karafuu2020</keyMaterial>
```

Faili lile nililitengeneza mie mwenyewe. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa naihamisha ile waifai kwenda kompyuta ya pili nikaona uvivu kuandika, nikatumia amri ya netsh wlan export profile na mwisho wake nikaweka key=clear, ambayo inatoa faili lenye paswedi iliyo wazi kabisa, nikalibeba kwenye fleshi, nikalisahau pale lilipotoka. Na folda ukiitengeneza juu kabisa kwenye C, kwa kawaida kila mwenye akaunti kwenye mashine anaruhusiwa kuifungua na kusoma. Kwa hiyo Windows ilifanya kazi yake, ilimnyima kijana paswedi kwa njia ya amri, mie ndo nilimuachia mlangoni. Ukilitoa faili bila ya key=clear, pale kwenye protected panaandikwa true na paswedi inabaki kwa msimbo, halisomeki, lakini huwezi tena kulipeleka mashine nyengine likafanya kazi. Kwa hiyo wewe nawe kabla hujamtazama jirani, tafuta kwenye hiyo laptopu mafaili ya .xml yanayoanzia na Wi-Fi, kwenye C, kwenye Downloads, kwenye Public, pengine fundi aliyewawekea Windows aliacha.

Nilivyotengeneza mie: nililifuta faili, nikabadilisha paswedi kwenye ruta. Kulifuta peke yake kusingesaidia kitu maana zile simu sita zishaihifadhi, na hapo ndo wengi wanapokosea, mtu akishaiona paswedi hakuna cha kufuta kwenye kompyuta kitakachomsahaulisha, inabadilishwa kwenye ruta tu.

Kwako wewe, njia nyepesi kama huna haja ya kuitumia tena laptopu hiyo nyumbani ni kuifuta waifai yako:

```
netsh wlan delete profile name="NYUMBANI"
```

Hapo hakuna akaunti itakayoshika tena. Lakini kama kila wikiendi unakwenda nayo, unaweza kuigeuza iwe ya akaunti yako peke yako:

```
netsh wlan set profiletype name="NYUMBANI" profiletype=current
```

Ukirudia ile amri ya kwanza ya orodha, jina lako sasa litaandikwa Current User Profile, na mwenzako akiingia kwa akaunti yake haitamuunga. Ila kuna mtego hapa ambao watu wanaingia. Neno current maana yake ni akaunti inayoendesha ile cmd. Kama wewe ni Standard, ukabonyeza Run as administrator, akaja bosi akakuandikia paswedi yake, basi cmd ile inaendeshwa kwa jina la bosi na waifai ya nyumbani kwako inakuwa ya bosi, wewe ndo unakosa. Jaribu kwanza kwenye cmd ya kawaida ukiwa umeingia kwa akaunti yako. Ikikataa, mwambie admini aifute tu kwa ile amri ya juu.

Na ukishaigeuza, ukimaliza kazi bonyeza Sign out, usimwachie mwenzako laptopu ukiwa bado umo ndani, kwa sababu waifai ya mashine ni moja, ikiwa imeshika basi anayekaa mbele yake anaitumia. Pia usitegemee kuwa hiyo itamzuia admini. Mwenye cheo hicho anaweza kuibadilisha paswedi ya akaunti yako akaingia kama wewe, anaweza kuweka programu ya kunasa unachoandika, kwa hiyo kama yule jirani ndo admini wenyewe hii ya profiletype isikupe usingizi.

Kwa hali hiyo mie ningefanya nilivyofanya dukani baadae, ruta nyingi zina sehemu ya Guest Network, unafungua waifai ya pili yenye jina lake na paswedi yake, hiyo ndo unaiunga kwenye laptopu ya ofisi. Mtu akiiona paswedi ya hiyo, bado hajaipata ya ile kubwa ya simu zenu na televisheni, na siku ukiona vifaa vimezidi unaibadilisha hiyo tu, nyumbani hakuna anayekusumbua kuulizia paswedi mpya.

Hebu iendeshe ile net localgroup Administrators, halafu uniambie hapa hapa yametoka majina mangapi na kama na lako limo. Usiyaandike majina ya watu, idadi inatosha.