Soketi ikitoa cheche: jinsi nilivyomwandikia baba mwenye nyumba

Julai ya Arusha baridi inaingia mpaka mifupani. Kwenye nyumba tuliyopanga pale Sakina, kila mtu anachemsha maji ya kuoga kwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Ndipo soketi ya jikoni kwangu ilipoanza kulia kama kitu kinachokaangwa. Nikichomeka plagi, cheche inaruka, na harufu ya plastiki iliyoungua inabaki hewani. Koridoni nako nyaya mbili za taa zilikuwa zimechubuka mpaka shaba inaonekana, zikining'inia usawa wa kichwa cha mwanangu.

Mara ya kwanza niliandika: "Shikamoo baba, soketi yangu mbovu, naomba fundi." Akajibu sawa, atamtuma. Zikapita siku tisa. Nilipousoma tena ujumbe wangu nilielewa kwa nini hakushtuka: soketi mbovu inaweza kuwa ile isiyotoa umeme tu, na hiyo inasubiri.

Majirani walinituliza kwamba kungekuwa na hatari, breka ingejikata. Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana watu wanalala usingizi kwa kuamini hivyo. Hita ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta kama ampea 6 na nusu. Breka ya soketi mara nyingi ni ya ampea 20 au 32, kwa hiyo haioni tatizo lolote. Lakini kama skrubu inayobana waya nyuma ya soketi imelegea, umeme uleule wa kawaida unapita kwa taabu kwenye sehemu moja ndogo, panapata moto, panatoa cheche, plastiki inaungua. Na mtu akigusa shaba, hata miliampea 30 zikipita mwilini zinaweza kumuua, kiasi ambacho breka ya kawaida haikihisi kabisa. Kinachohisi ni kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, chenye kitufe kidogo cha kujaribia. Nyumba yetu haikuwa nacho.

Jioni hiyo nilizima kwanza breka ya soketi, ndipo nikachomoa plagi. Kuchomoa huku cheche zinaruka ni kuweka mkono palepale penye moto. Nikazima na breka ya taa ya koridoni, nikawaambia majirani wasiziwashe. Sikufungua soketi wala kuzungushia waya tepu. Nilipiga picha mbili kwa mbali: alama ya kahawia kwenye soketi, na nyaya za koridoni. Kisha nikaandika hivi:

"Shikamoo baba. Ni mpangaji wako wa chumba cha pili, Sakina. Soketi ya jikoni inatoa cheche kila nikichomeka plagi, inanuka kuungua na imebadilika rangi. Koridoni nyaya mbili ziko wazi na watoto wanapita hapo. Picha nimekutumia. Leo saa 1 jioni nimezima breka zote mbili, kwa hiyo jikoni hakuna umeme na koridoni ni giza. Hii inaweza kuunguza nyumba au kuua mtu. Naomba fundi umeme mwenye leseni ya EWURA afike kabla ya kesho Jumatano saa 10 jioni. Nipo nyumbani siku nzima kumfungulia. Naomba unijulishe leo usiku jina lake na saa atakayokuja. Isipowezekana, nitamwomba mwenyekiti wa mtaa aje aone hali ilivyo."

Sikuandika "haraka", kwa sababu haraka ya kila mtu ina urefu wake. Saa 10 jioni inamwachia usiku wa kumpata fundi na mchana wa kufanyia kazi. Kifuniko cha swichi kilichopasuka ningekipa wiki. Cheche sikuwa tayari kuzipa zaidi ya siku moja. Wala sikuwapigia TANESCO, kwa sababu nyaya zinazotoka kwenye mita kuingia ndani ni za mwenye nyumba. Kungekuwa na moto tayari, ningetoa watoto nje na kupiga 114 kwanza.

Simu ililia baada ya nusu saa. "Mwanangu, kumbe ni hivyo? Mbona hukusema?"

Fundi alifika saa 4 asubuhi. Alizima meni swichi, akapima kwa testa kuhakikisha hakuna umeme, ndipo akafungua. Skrubu moja ilikuwa imelegea, ganda la waya limeyeyuka. Aligundua pia kwamba waya uliolisha soketi ni wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa. Akaweka wa 2.5, soketi mpya, na nyaya za koridoni akazivuta upya ndani ya paipu. Nilimwomba asiondoke kwanza. Tulichemsha ndoo nzima ya maji, kisha akazima breka, nikachomoa plagi na kuweka kiganja juu ya soketi. Ilikuwa ya baridi kama ukuta.

Kile kifaa cha umeme unaovuja baba ameahidi kukiweka mwisho wa mwezi. Tarehe nimeiandika, na yeye nimemtumia.