Choo kikivuta maji kivivu, anza na ndoo kabla ya fundi

Kwa sisi wapangaji wa Lanet, hapa Nakuru, tunaotumia maji ya kisima, choo kuvuta kivivu si jambo geni. Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kuchimbua bomba la nje. Nilimwambia angoje kidogo.

Jaza ndoo ya lita kumi, uimwage kwa mkupuo mmoja katikati ya bakuli. Maji yakipanda na kusita, bomba limeziba, na hapo mpishe fundi afanye kazi yake. Changu kilimeza yote mara moja, kwa hiyo bomba lilikuwa safi. Kasoro ilikuwa juu.

Fungua kifuniko cha tangi. Ndani huwa kuna alama ya kiwango cha maji. Ukiikosa, maji yanafaa kusimama kama sentimita mbili na nusu chini ya mdomo wa kibomba cha kumwaga ziada. Yangu yalikuwa chini zaidi, upana wa vidole vinne hivi. Nikazungusha skrubu ya boya kidogo kidogo, huku nikisubiri tangi lijae kila mara. Usipitishe kiasi: maji yakifika kwenye mdomo wa kile kibomba yatamwagika bakulini mchana na usiku, na bili utailipa wewe.

Choo kilipata nguvu, lakini maji yalishuka upande mmoja tu, na bakuli lilichukua muda kurudisha maji yake. Nikaweka kijioo chini ya ukingo. Matundu ya mbele yalikuwa yamezibwa na ukoko mweupe wenye kutu, kama ule wa ndani ya birika la chai. Maji ya mwisho ya kila mvuto hupitia matundu hayo kulijaza bakuli tena. Yakizibwa, yanachuruzika tu.

Dawa ni siki nyeupe. Funga koki, vuta maji yaishe tangini, kausha ukingo, kisha loweka karatasi za choo ndani ya siki na uzisokote chini ya ukingo mzima ziguse kila tundu. Ziache usiku kucha. Kumimina siki pekee hakutoshi, maana inatoroka kupitia matundu yaliyo wazi na kuyaacha yale yaliyoziba. Asubuhi toa karatasi uzitupe kwenye pipa, kisha chokonoa kila tundu kwa kipande cha waya wa stima ambacho hujakimenya plastiki, kisikwaruze kauri. Ukoko mgumu huhitaji usiku wa pili. Maji yanayochemka usijaribu, yanaweza kupasua bakuli. Na Jik isikaribie siki kabisa: vikichanganyika hutoa gesi ya sumu, na vyoo vyetu havina madirisha ya maana.

Fungua koki, uvute ukitazama: vijito vinafaa kushuka pande zote. Tangi likiendelea kujaa polepole, angalia koki imefunguliwa yote, halafu kagua kichujio kidogo pale bomba linapoingia kwenye boya. Mchanga wa kisima hupenda kujificha humo.