Bidhaa ikikata stoo, ripoti ya ABC huishusha daraja

Wadogo zangu wa stoo, nimeona tena kijana mpya anachapisha ripoti ya ABC Jumatatu asubuhi, anaipigia mstari kila bidhaa iliyoshuka daraja, halafu anakwenda kupunguza oda zake zote kabla ya saa nne. Kila anayeanza kazi hii hufanya hivyo, na kila mara duka ndilo linaloumia. Naandika kwa wanaoijua ripoti yenyewe: mauzo ya siku 90, bidhaa zimepangwa kuanzia yenye fedha nyingi, A mpaka asilimia 80 ya mauzo, B mpaka 95, zilizobaki C. A zinahesabiwa kila wiki, B kila mwezi, C kila robo mwaka.

1. Hakikisheni mfumo unakata mstari mahali sahihi. Duka linalotegemea saruji linaweza kupata asilimia 85 ya mauzo kutoka kwenye saruji peke yake. Ukipima jumla ikiwa na saruji ndani, 85 imeshapita 80, na saruji inatupwa B. Kinachopimwa ni jumla iliyokuwepo kabla ya bidhaa husika kuingia:

```sql
SELECT bidhaa, mauzo,
  SUM(mauzo) OVER (ORDER BY mauzo DESC, bidhaa
    ROWS UNBOUNDED PRECEDING) - mauzo AS kabla
FROM mauzo_siku_90;
```

Kama `kabla` haijafika asilimia 80 ya jumla kuu, hiyo ni A. Bidhaa ya kwanza inaanzia sifuri, kwa hiyo haiwezi kukosa nafasi yake.

2. Ondoeni bidhaa zilizorudishwa na wateja, na tumieni bei bila VAT kwa bidhaa zote.

3. Bidhaa moja isiwe na misimbo miwili kwenye mfumo. Misumari ikiuzwa kwa kilo chini ya msimbo mmoja na kwa katoni chini ya mwingine, mauzo ya kila msimbo yataonekana madogo, na yote miwili italala C.

4. Hapa ndipo nataka mkae na mimi. Ripoti ya mauzo inaona kilichouzwa tu. Mteja aliyekuja, akaambiwa mzigo umekata, akaondoka, hana risiti, na asiye na risiti hayupo kwenye ABC.

Duka moja la vifaa vya ujenzi nililofanyia kazi lilikuwa na picha kama hii. Tarakimu nimezizungusha ili hesabu iwe nyepesi. Mauzo ya robo yalikuwa milioni 120: saruji 48, nondo za milimita 12 milioni 30, mabati ya geji 28 milioni 18, rangi 9.6, mabomba 5.4, misumari 3.6, na vitu vidogo vidogo 5.4. Saruji, nondo na mabati zilifika asilimia 80 kamili, zikawa A tatu ambazo kila mtu pale dukani angekutajia bila kuangalia kompyuta.

Robo iliyofuata mzigo wa mabati ulichelewa. Katika siku 90, mabati yalipatikana siku 30 tu. Yaliuzwa kwa kasi ileile, laki mbili kwa siku, kwa hiyo yakaingiza milioni 6. Misumari nayo ikashuka hadi 2.4, maana fundi anayekosa bati kwako hanunui misumari ya bati kwako. Anakwenda kuchukua vyote kwa jirani. Vingine vyote vilibaki palepale. Jumla ikawa milioni 106.8.

Mfumo ukazipanga upya wenyewe usiku, kama ulivyotegwa. Saruji na nondo sasa zilikuwa asilimia 73 ya mauzo. Iliyofuata ilikuwa rangi, na kwa kuwa 73 haijafika 80, rangi ikapandishwa kuwa A. Haikuuza hata ndoo moja ya ziada. Mabati yakashushwa B, yakatoka kwenye hesabu ya kila wiki, na kiwango chake cha kuagiza kikapunguzwa kufuata mauzo mapya. Oda ndogo ikaletwa, ikaisha mapema zaidi, nayo robo ya tatu ikaonyesha mauzo madogo kuliko ya pili. Wakati huo masika yalikuwa yanakaribia, watu wanakimbizana kuezeka, na pesa ya duka ilikuwa imelala kwenye ndoo za rangi zilizopangwa mpaka darini. Mafundi walioanza kwenda kwa jirani wakati wa uhaba walikuwa wameshazoea huko. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu kila karatasi iliyosainiwa ilionekana sahihi.

Dawa yake ni kugawanya mauzo kwa siku ambazo bidhaa ilikuwepo, si kwa siku zote za kalenda. Milioni 6 kwa siku 30 ni laki mbili kwa siku. Zidisha kwa 90, unapata milioni 18. Mabati yanarudi A. Hesabu hiyo ya kunyoosha itumieni kupanga madaraja na kuagiza, lakini msiipeleke kwa mhasibu, kwa kuwa fedha hiyo haikuingia.

Sasa mtego ulio ndani ya dawa. Mfumo utajuaje kwamba bidhaa ilikuwepo? Vijana wengi wanaandika kwamba salio likizidi sifuri, siku hiyo ihesabiwe. Pale dukani, nyuma ya stoo, kulikuwa na mabati matatu yaliyokunjika pembe wakati wa kushusha mzigo. Hakuna aliyeyatoa kwenye leja. Kwa hiyo kompyuta ilisoma salio la 3 siku zote 60 za ukame, na kwa kipimo cha sifuri mabati yalikuwepo robo nzima! Mteja wa bati hatafuti matatu, anatafuta ya kuezeka nyumba. Wekeni kima cha chini kwa kila bidhaa, mathalani bati 20, na siku yoyote ambayo salio liko chini ya hapo ihesabiwe kama siku ya kukosekana. Vilivyoharibika viandikiwe hati na vitolewe kwenye salio siku hiyohiyo.

Njia hii ina mpaka wake. Bidhaa ikiwa imepatikana siku chache mno, tuseme tano, usiiamini kasi yake, kwa sababu mzigo ukishuka tu waliokuwa wakisubiri hununua kwa pamoja. Hapo tumieni kasi ya robo ya nyuma, au ya msimu kama huo mwaka uliopita. Tena angalieni bidhaa mbadala: geji 28 ikikosekana, wengine huchukua geji 30, na hiyo nayo hupanda kwa mauzo ambayo si yake.

5. Oda moja kubwa ya mkandarasi inaweza kuibeba bidhaa ya C mpaka A. Angalia idadi ya risiti, si fedha peke yake.

6. Kila ripoti mpya iwekwe kando ya ile ya nyuma, na mfumo utoe orodha ya zilizobadili daraja tu. Kwa kawaida ni chache, zinatosha ukurasa mmoja. Kwa kila iliyoshuka kutoka A, fungua leja, tazama salio la siku kwa siku, kisha nenda kaunta ukamuulize muuzaji ni kitu gani wateja wamekuwa wakikiulizia na kukikosa. Muuzaji wa kaunta anawajua kwa sura. Mpeni daftari aandike kila anayeondoka mikono mitupu: tarehe, bidhaa, idadi aliyotaka. Mpaka mmalize kulisoma daftari hilo, kiwango cha kuagiza cha bidhaa iliyoshuka kisiguswe.