Kwa wanachama wapya wa kikundi cha hisa: mizani haiguswi kila Ijumaa

Nimepitia oda za mwezi huu na nimeona lilelile. Kijana wetu mmoja aliona kwenye programu ya Hisa Kiganjani kapu lake, nusu hisa nusu taslimu, limefika 51 kwa 49, akauza hisa za elfu ishirini ili lirudi 50 kwa 50. Bei ikashuka, akanunua tena. Akaja Barabara ya 12 hapa Tanga anatabasamu, anasema amekula faida ya mseto, ile ya kurudisha mizani. Mdogo wangu, hukula kitu. Aliyekula ni dalali, na tunakupenda mno kukuacha uendelee hivyo.

1. Jua faida inatoka wapi. Chukua hisa 2,500 za shilingi 400, yaani milioni moja, na milioni nyingine taslimu. Bei ikipanda hadi 500, hisa zina thamani ya 1,250,000 na kapu zima ni 2,250,000. Nusu yake ni 1,125,000, kwa hiyo unauza hisa 250. Bei ikirudi 400, aliyekaa kimya ana milioni mbili zilezile alizoanza nazo. Wewe una 2,025,000. Hiyo 25,000 haina muujiza: ni hisa 250 ulizoziuza shilingi 100 juu ya bei ya leo. Sasa unanunua 281 ili mizani ikae sawa kwa safari ijayo.

Bei haijaenda popote, ilitoka 400 ikarudi 400, na wewe umesogea kwa asilimia 1.25. Mwanahisabati Claude Shannon alilifundisha jambo hili kwenye chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1960 kwa hisa ya kubuni inayopanda mara mbili au kushuka nusu, na mwaka 1992 wataalamu wa fedha Booth na Fama wakaiita faida ya mseto. Ni faida ya kweli. Ninachokataa ni namna mnavyoikimbilia.

2. Faida na ada hazikui kwa mwendo mmoja. Hapa ndipo kikundi kilipoumia, na naomba msome taratibu.

Miaka ya mwanzo tulikuwa tukikutana kila Ijumaa baada ya swala, mhazini anasoma bei, tunarudisha mizani hapohapo hata kama imesogea kidogo tu. Daftari lilipendeza. Kila mauzo yaliandikwa idadi mara bei, kila ununuzi vivyo hivyo, na mwisho wa ukurasa faida inaonekana. Ada za dalali, za soko na za mamlaka ziliandikwa kwingine, ukurasa wa nyuma, chini ya "gharama za kikundi", pamoja na chai, vocha na nauli ya mkutano. Hakuna aliyeiba. Mhazini alikuwa mtu mwaminifu kuliko wengi ninaowajua, na alidhani ada ni gharama ya kuwa kikundi, kama ile chai.

Kisha mama mmoja akaomba kujitoa, mwanawe amepata nafasi ya chuo. Tukapiga hesabu ya fungu lake kwa daftari, tukamtajia kiasi. Tulipoangalia benki na akaunti ya hisa, pesa hazikufika. Mama yule amekaa kwenye kiti cha plastiki, barua ya chuo iko mkononi, na sisi wanaume watu wazima tunaangaliana. Tulichanga mifukoni tukamlipa alichotajiwa. Mwalimu mmoja wa hesabu akachukua hati zote za mauzo na manunuzi, akaanza upya, safari hii akiandika ule mstari wa chini kabisa wa hati: kiasi halisi baada ya makato. Akatengeneza na safu ya pili: kapu lilelile la siku ya kwanza, lisiloguswa kabisa. Kapu lisiloguswa lilikuwa mbele yetu.

Hesabu yake ni hii. Tuseme ada jumla ni asilimia 2 ya kila unachouza au kununua. Ya kwako isome kwenye hati yako. Katika mfano wa kwanza unalipa 2,500 kuuza na 2,250 kununua, jumla 4,750, unabaki na 20,250. Si haba. Sasa mfano wa kijana wetu: 51 kwa 49 maana yake bei imepanda kama asilimia 4 tu. Unauza hisa za 20,000. Bei ikirudi, umepata 769. Ada za kuuza na kununua ni 792. Umefanya kila kitu sawasawa na umepata hasara ya shilingi 23.

Mtikisiko ukiwa nusu, ada inakuwa nusu, lakini faida inakuwa karibu robo, kwa sababu kiasi unachouza kimepungua na tofauti ya bei nayo imepungua. Kwa hiyo ipo hatua ambayo chini yake huwezi kupata kitu hata bei ikirudi pale ulipotaka.

Tangu siku ile sheria yetu ni hii: hagusi mtu mizani mpaka fungu la hisa lifike 55 au lishuke 45. Kufika 55 bei inatakiwa ipande kama asilimia 22. Kufika 45 ishuke kama 18. Kuna miezi mingi ya kukaa tu, na kukaa tu ni sehemu ya kazi.

3. Bei ikiwa na mwelekeo, unalipa wewe. Rudi kwenye mfano. Bei imetoka 400 ikafika 500, umeuza zile 250, kisha ikaenda 625. Aliyekaa kimya ana 2,562,500. Wewe una 2,531,250. Zile 250 zimepanda 125 kila moja zikiwa kwa mwingine. Na ikishuka moja kwa moja, 400, 320, 256, umenunua njiani na umeumia kwa 20,000 zaidi ya aliyekaa kimya. Aliyekuwa akipunguza hisa za benki ya CRDB kila zilipopanda ngazi kati ya 2021 na 2024 anajua maumivu haya bila kufundishwa.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kurudisha mizani kunashinda daima. Kunashinda bei inapozunguka, kunashindwa inapoondoka na isirudi. Ukichukua safari zote zinazowezekana na kupiga wastani, aliyekaa kimya anaweza hata kuwa mbele kidogo, kwa sababu safari chache za kupanda sana zinambeba. Wewe unapata zaidi katika zile safari za kawaida nyingi. Ndiyo maana safu ya kapu lisiloguswa haifutwi kwenye daftari letu: bila hiyo, soko likipanda mtadhani ni ujuzi wenu.

4. Upande wa pili uwe pesa inayotoka ukiihitaji. Hatifungani ya kijani ya 2024 ya Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, inalipa asilimia 13.5 na sote tunajivunia maji yetu, lakini siku hisa zimeanguka unahitaji taslimu wiki hiyo, na mnunuzi wa hatifungani huenda asiwepo. Kaa nayo kwa riba yake, usiihesabu kwenye mizani.

5. Weka oda kwa bei yako. Hisa nyingi za soko letu hukaa siku nzima bila mnunuzi, na bei ya kwenye skrini ni ya aliyeuza mwisho, si ya atakayenunua kwako. Ukikimbilia bei ya chini ili tu oda ipite, umejiongezea ada nyingine isiyoandikwa kwenye hati.

6. Gawio na michango ya mwezi iende upande uliopungua. Hisa zimeshuka hadi 47, mchango wote unanunua hisa. Zimepanda hadi 53, mchango unabaki taslimu na hakuna ada kabisa. Kikundi chetu kikiwa bado kidogo, michango peke yake ilitosha kutuweka ndani ya 45 na 55, na fomu ya kuuza tuliijaza mara chache sana.