Spidi haitulii, wastani unatulia: L'Hôpital na (x + sin x)/x

Nasomesha hesabu twisheni ya jioni hapa Chake Chake, vijana wa kidato cha sita na wachache wa mwaka wa kwanza chuo. Kuna swali moja napenda kuwapa mara tu wanapoizoea Kanuni ya L'Hôpital, kwa sababu linaonesha nani ameisoma kanuni na nani ameikariri. Tafuta limiti ya (x + sin x)/x pale x inapokwenda infiniti.

Karibu wote huanza sawa. Ya juu inakwenda infiniti, ya chini inakwenda infiniti, kwa hiyo wanachukua derivativu ya juu na ya chini, kila moja peke yake. Juu wanapata 1 + cos x, chini 1. Halafu wanakwama, kwa sababu cos x haitulii: inapanda hadi 1 na kushuka hadi −1 milele, kwa hiyo 1 + cos x inacheza baina ya 0 na 2. Hapo mmoja atanyoosha mkono: "Maalim, limiti haipo." Mwengine, mwenye haraka zaidi, anaendelea kuchukua derivativu, anapata −sin x juu na 0 chini, na anabaki anaitazama karatasi.

Huyu wa pili tummalize upesi. Ya chini ilishakuwa 1 tu, haiendi sifuri wala infiniti, kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kuitumia kanuni mara ya pili. Wa kwanza ndiye wa kukaa naye, kwa sababu kosa lake lina sura ya ukweli.

Mwambie achukue kikokotozi, akiweke kwenye radiani (si digrii, hapo wengi hupotea), na aiangalie sehemu yenyewe kabla ya derivativu. Kwa x = 10 anapata 0.9456. Kwa x = 100 anapata 0.9949. Kwa x = 1000 anapata 1.0008. Sasa ajaribu 1 + cos x kwa namba hizo hizo: 0.161, kisha 1.862, kisha 1.562. Safu moja inakwenda kwenye 1 bila wasiwasi, nyengine haina mwelekeo. Limiti ipo, na ni 1. Kilichokosekana ni limiti ya derivativu.

Kwa nini viwili hivi viachane? Fikiria dala inayotoka mjini, x ni dakika tangu ilipoondoka, na x + sin x ni masafa iliyokwenda, tukiyapima kwa vipande vya nusu kilomita. Derivativu, 1 + cos x, ndiyo spidi inayosomeka kwa dereva wakati ule ule. Kila baada ya dakika 6 na kidogo gari inasimama kituoni, mshale unashuka hadi 0. Kisha inapokea moto hadi kilomita 60 kwa saa, halafu inapunguza tena. Ukimsubiri mshale utulie mahali pamoja utasubiri mpaka kesho. Lakini (x + sin x)/x si mshale. Ni masafa yote kugawa kwa muda wote, yaani wastani wa safari. Na dala hii, hata ikimbie na kusimama vipi, haiwi mbele wala nyuma ya gari inayokwenda kilomita 30 kwa saa bila kusita kwa zaidi ya nusu kilomita. Nusu kilomita ndani ya saa moja inatia dosari ya nusu kilomita kwa saa kwenye wastani. Ndani ya saa 10, dosari haizidi sehemu ya 20 ya kilomita kwa saa. (Pemba yenyewe haina barabara ya saa 10, najua.)

Hapo ndipo kanuni inapoeleweka. Inasema hivi: spidi ikitulia, wastani nao utatulia pale pale. Haisemi kwamba spidi isipotulia basi wastani hautulii. Ni njia ya upande mmoja. Ukiisoma kwa makini utaliona sharti hilo limekaa mwishoni, baada ya masharti ya sifuri na infiniti: limiti ya derivativu ya juu kugawa derivativu ya chini lazima iwepo, iwe namba au infiniti. Wanafunzi husoma mwanzo wa sentensi na kuacha mkia. Kwa hiyo ukifika kwenye 1 + cos x, andika kwamba kanuni haitoi jibu hapa, na urudi kwenye sehemu ya mwanzo. Usiandike kwamba limiti haipo, maana hilo hujalithibitisha.

Ukirudi, kazi ni fupi. Gawa kila kitu kwa x, upate 1 + (sin x)/x. Kwa kuwa sin x haivuki 1 wala −1, kwa x chanya (sin x)/x imebanwa baina ya −1/x na 1/x, na zote mbili zinakwenda sifuri. Jibu 1.

Sehemu hiyo hiyo ukiipeleka x sifuri badala ya infiniti, kanuni inafanya kazi vizuri: ni sifuri kwa sifuri, derivativu zinatoa 1 + cos x, na karibu na sifuri cos x imetulia kwenye 1, kwa hiyo jibu ni 2. Ukitia x = 0.1 unapata 1.9983.

Kuna namna nyengine ya kukwama, ambayo masharti yote yametimia na bado hufiki. Chukua √(x² + 1) kugawa kwa x, x ikienda infiniti. Derivativu ya juu ni x/√(x² + 1), ya chini ni 1. Rudia tena: unapata √(x² + 1)/x, pale pale ulipoanzia. Unaweza kuzunguka hivyo usiku kucha. Wajanja huandika kwamba limiti L ni sawa na 1/L, kwa hiyo L ni 1. Jibu ni sahihi, ila wamechukulia kwamba L ipo na ni namba, jambo ambalo mzunguko wenyewe haukulionesha. Toa x nje ya alama ya mzizi, ikatane na x ya chini, ubaki na √(1 + 1/x²), na swali limekwisha bila derivativu yoyote.

Baada ya yote haya, baadhi yao hutoka na kanuni yao wenyewe: ukiona sin x, usiguse L'Hôpital. Nayo pia si kweli. Wape (x² + sin x)/x². Derivativu ya kwanza inatoa (2x + cos x)/(2x). Cos x bado inacheza, lakini sasa inagawiwa kwa 2x inayokua, kwa hiyo sehemu hii inakwenda 1 na kanuni imetoa jibu halali. Atakayerudia mara moja zaidi atapata (2 − sin x)/2, inayocheza baina ya nusu na moja na nusu, na atarudi kuniambia kwamba limiti haipo.