Kamati ya watu 5 kutoka kwa 12: mpangilio unahesabika ama hauhesabiki?

"Wadau, chama chetu hapa Kisumu kiko na watu 12, wanawake 7 na wanaume 5. Tunataka kamati ya watu 5, na sheria yetu inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili. Nimetumia kombinesheni nikapata kamati 1,680 zinazowezekana. Shemeji yangu anakataa, ati hesabu inaanzia 95,040 kwa sababu majina yanatolewa moja moja. Kombinesheni ni sawa hapa ama?"

Mkubwa, kombinesheni ni sawa kabisa, lakini 1,680 yako si sawa, jibu ni 560. Na ukitaka kujua haraka kwamba kuna kitu kimeharibika, bonyeza tu 12C5 kwa kalkuleta. Inakupa 792. Hizo ndizo kamati zote za watu 5 unazoweza kutoa kwa watu 12 bila sheria yoyote, hata ile ya wanawake watupu ikiwemo. Sasa wewe umeongeza sheria ya jinsia na kamati zimekuwa 1,680? Sheria hupunguza, haizalishi kamati.

Wacha nianze na shemeji, yake ni rahisi. 95,040 ni 12 × 11 × 10 × 9 × 8, yaani njia za kutoa majina matano ukifuata nani ametoka wa kwanza, nani wa pili, mpaka wa tano. Hesabu yake haina makosa ila inajibu swali lingine. Kutoa majina moja moja hakumaanishi mpangilio unahesabika, kwa sababu huwezi kutoa karatasi tano kwa mkono mmoja hata ukitaka, lazima moja itangulie. Cha kuuliza ni nini kinabaki mkimaliza. Mkifungua daftari la minitsi mkaandika wale watano, halafu katibu akageuza jina la kwanza likawa la nne, kuna kitu kimebadilika kwa chama? Kama hakuna, hio ni kamati ile ile, na shemeji ameihesabu mara 120, maana watu watano wanapangika kwa njia 5 × 4 × 3 × 2 × 1. Gawanya 95,040 kwa 120 uone kama hutarudi kwa 792.

Hii kitu nimeiona live. Kuna chama cha bodaboda niko ndani hapa Kondele, kamati tunaitoa kwa vikaratasi ndani ya helmeti, na kuna mwaka jamaa aliyetoka wa kwanza akasimama kabisa akasema yeye ndiye mwenyekiti juu ametangulia. Ilileta kelele hio siku, watu wengine wakaanza kumuunga mkono! Mzee mmoja akauliza swali moja tu, kabla tutoe karatasi tulikubaliana wa kwanza ni mwenyekiti? Hatukuwa tumekubaliana. Basi kutangulia kwake hakukuwa na maana yoyote, ni mkono tu ulimgusa mapema. Lakini kama tungekuwa tumekubaliana hivyo mwanzoni, jamaa angekuwa na haki yake na hesabu ingebadilika pia. Kwa hivyo anayeamua kama mpangilio unahesabika ni makubaliano yenu, ile namna mnatoa majina haiamui kitu.

Sasa tuje kwa 1,680, hii ndio imenifanya niandike refu, kwa sababu huwa nafundisha tuisheni ya hesabu kwa vijana wa diploma na hii naiona kila intek, na wanaoingia huko si wale wazembe, ni wale wanaojua kombinesheni vizuri.

Najua vile ulifanya hata kama hujasema. Theluthi mbili ya 5 ni tatu na kitu, kwa hivyo jinsia moja haiwezi kupita watu 3, na hio inamaanisha lazima wanaume wawe angalau 2 na wanawake angalau 2. Mpaka hapo uko sawa. Halafu ukasema nichague wanaume 2 kwanza ili niwe nimejikinga, 5C2 = 10. Kisha wanawake 2, 7C2 = 21. Wamebaki watu 8, nichague yeyote mmoja ajaze nafasi ya tano, 8. Zidisha, 10 × 21 × 8 = 1,680. Kila hatua inaonekana safi na kila hatua umetumia kombinesheni. Shida ni kwamba mpangilio umefukuzwa mlangoni ukaingia kwa dirisha, kwa sababu umetengeneza aina mbili za viti bila kujua, viti vinne vya "sheria" na kiti kimoja cha "nyongeza". Kwa kamati yenyewe hakuna kiti cha nyongeza.

Tupunguze watu ndio uone kwa macho. Chukua wanawake watatu, Achieng, Nekesa na Chebet, na wanaume wawili, Otieno na Wafula. Kamati ni ya watu 3 na lazima kila jinsia iwe na angalau mmoja. Kwa njia yako, mwanamke mmoja kwa 3, mwanaume mmoja kwa 2, halafu yeyote kati ya 3 waliobaki, 3 × 2 × 3 = 18. Lakini 5C3 ni 10, na inayovunja sheria ni moja tu, ile ya wanawake watatu, kwa hivyo kamati halali ni 9.

Hizo zingine 9 zimetoka wapi? Angalia kamati ya Achieng, Nekesa na Otieno. Njia ya kwanza ya kuifikia, Achieng anaingia kama mwanamke wa sheria, Otieno kama mwanaume wa sheria, Nekesa anakuja kama nyongeza. Njia ya pili, Nekesa ndiye wa sheria na Achieng anakuwa nyongeza. Kwa daftari ni watu wale wale watatu, kwa hesabu yako ni kamati mbili. Na ya Chebet, Otieno na Wafula ni hivyo hivyo, mara Otieno ni wa sheria na Wafula nyongeza, mara wamebadilishana. Kila kamati imehesabiwa mara mbili, ndio ukapata 18.

Kwa yenu ya watu 5 kila kamati halali imehesabiwa mara 3. Kama ni wanawake 3 na wanaume 2, yeyote kati ya wale wanawake watatu anaweza kuwa ndiye aliyeachwa akaja kama nyongeza. Kama ni wanaume 3 mambo ni yale yale upande ule mwingine. 1,680 gawanya kwa 3 ni 560.

Lakini usiondoke hapa ukidhani dawa ni kugawanya kwa 3, hio imekubali kwa bahati tu. Tuseme sheria yenu ingekuwa "wanaume wasipungue 2" bila kusema lolote kuhusu wanawake. Mtu wa njia yako angechagua wanaume 2 kwa njia 10, kisha watu 3 wowote kwa 10 waliobaki, 10C3 = 120, apate 1,200. Hapo kamati yenye wanaume 2 imehesabiwa mara moja tu, yenye wanaume 3 mara 3, yenye wanaume 4 mara 6, na ile ya wanaume watupu mara 10. Hakuna namba moja ya kugawanya itakayokuokoa, jibu la kweli ni 596 na 1,200 haigawanyiki ikakupa hio.

Njia yenye haikusumbui ni kusahau "angalau" na kutaja kabisa ni wangapi. Kamati yenu iko na sura mbili tu. Wanawake 3 na wanaume 2, hio ni 7C3 × 5C2 = 35 × 10 = 350. Ama wanawake 2 na wanaume 3, 7C2 × 5C3 = 21 × 10 = 210. Jumla 560. Hakuna kamati inaweza kuwa kwa sura zote mbili, ndio maana unajumlisha bila wasiwasi. Kama huniamini pitia upande wa nyuma, toa zinazovunja sheria. Za wanawake watano ni 21, za wanawake wanne na mwanaume mmoja ni 35 × 5 = 175, za wanaume wanne na mwanamke mmoja ni 5 × 7 = 35, na ya wanaume watano ni 1. Hizo ni 232, na 792 ukitoa 232 unapata 560. Njia mbili zisizofanana zikikutana kwa namba moja, lala usingizi.

Kuna kitu hujasema na kinaweza kumpa shemeji point kiasi, hawa watano watakuwa na vyeo? Kama kamati ni mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wanachama wawili wa kawaida, na mnahesabu pia nani amekaa wapi, basi kwa kila kamati kuna njia 5 × 4 × 3 = 60 za kugawa vyeo vitatu. Bila sheria ya jinsia ni 792 × 60 = 47,520, na ukiangalia vizuri hio ni nusu ya 95,040 ya shemeji. Nusu kwa sababu wale wawili wa kawaida ukiwabadilisha hakuna kinachobadilika, na yeye anawahesabu kama tofauti. Angekuwa sawa na 95,040 yake yote kama vyeo vingekuwa vitano vyenye majina tofauti. Mkiweka sheria ya jinsia ni 560 × 60 = 33,600, mradi vyeo vyenyewe havina masharti ya jinsia. Kama mna kale kasheria ka mwenyekiti na katibu wasiwe jinsia moja, hio 60 haisimami tena, inabidi kila sura ihesabiwe vyeo vyake peke yake.

Na kama sababu ya kuuliza ni kwamba mnataka kupiga kura ya vikaratasi na mjue uwezekano wa kupata kamati halali mara ya kwanza, ni 560 gawanya kwa 792, karibu asilimia 71. Hapa hata njia ya shemeji itakupa ile ile mradi aitumie juu na chini, 67,200 gawanya kwa 95,040, kwa sababu ile 120 inajifuta yenyewe. Kitu hamfai kufanya ni wewe ulete 560 yako juu na yeye alete 95,040 yake chini, mtapata chini ya asilimia moja na mtaogopa bure kutumia vikaratasi.