Kijana wa miaka 14: ukaze wapi, ulegeze wapi

"Mwanangu yuko kidato cha pili. Zamani nikisema neno moja anatii. Sasa nikimuuliza alikuwa wapi ananijibu 'huko tu'. Nizidishe ukali au nimwache?"

Mama, usimwache, ila huo ukali uhamishie kwingine. Mtoto wa miaka saba unamwona kwa macho yako. Wa kumi na nne, mengi utayajua akikuambia mwenyewe. Mwaka 2000 watafiti Stattin na Kerr walichapisha uchunguzi wao kuhusu vijana wa miaka 14 nchini Sweden. Waliona kwamba wazazi wenye kujua mengi kuhusu watoto wao waliyapata hasa kwa watoto kusimulia kwa hiari, si kwa kuwapeleleza.

Hapa kwetu Pasua, Moshi, kijana wangu alipofika umri huo tulipunguza sheria. Nguo za nyumbani na mpangilio wa chumba chake ni juu yake, mimi natoa maoni tu. Zilibaki tatu: aseme anakokwenda, asipande bodaboda kwa mtindo wa mishikaki, arudi kabla ya saa moja usiku. Hiyo saa tuliipanga naye. Alitaka saa tatu, mimi kumi na mbili, akanionyesha kwamba mpira wa jioni ukiisha bado ana mwendo wa miguu kutoka Mbuyuni.

Jumamosi moja akaingia saa mbili na nusu. Usiku ule nilimpa chakula, basi. Asubuhi tukimenya ndizi nikamuuliza. Akasema kaka wa rafiki yake alileta bia, yeye hakunywa, ila aliona aibu kuondoka peke yake.

Hapo ndipo wazazi wengi tunaharibu. Kuchelewa kulikuwa na adhabu yake tuliyokubaliana: Jumamosi iliyofuata hakwenda banda la mpira, na hakubisha. Habari ya bia sikuiadhibu. Tulikaa tukatafuta cha kuwaambia wenzake siku nyingine: "Mama ananisubiri getini." Alikuja kulitumia, na akanisimulia. Ningemfokea kwa alichonieleza, safari ya pili angeniambia daladala zilikuwa hazipatikani.

Angalia pia unakaza kitu gani. Kumzuia kutoka ni kukaza mwenendo. Kumnunia siku nzima, kumwambia "umeniua kwa aibu" au kumlinganisha na binamu yake ni kuushika moyo wake, na kijana huyo hujifunza kuficha. Dalili utaiona: maelezo yanakuwa mafupi, na hadithi moja inabadilika kila ukiuliza.

Lakini kama halali nyumbani, ana pesa zisizoeleweka, ananuka bangi, au kuna mtu mzima anayemfuata, hapo usipatane naye kitu. Mfuate alipo na ushirikishe baba yake au mjomba anayemheshimu. Akitulia, mrudishie uhuru kidogo kidogo, ukianza na Jumamosi ya mchana.